Herufi ya kwanza kwenye noti ya euro na sura kwenye sarafu: yanayosemwa na ukweli wake

"Noti inayoanza na Y ni ya Ugiriki, usiikubali, chukua X ya Ujerumani"

Hii ilivuma sana miaka ile Ugiriki imekwama na madeni, kuanzia 2010 hivi, na mpaka leo bado kuna watu wanageuza noti kwanza waone herufi ndo wapokee. Hoja yao ilikuwa kwamba euro ikivunjika, noti za Y zitageuka kuwa drakma, hela ya zamani ya Wagiriki, halafu za X zitabaki hela ngumu ya Wajerumani. Ukiisikia unaona kama ina mantiki, ila haina.

Noti za mwanzo, zilizotoka 2002, namba yake ina herufi moja halafu tarakimu 11, na ile herufi inaonyesha benki kuu ya nchi gani iliagiza noti ichapwe, basi. X Ujerumani, U Ufaransa, S Italia, V Uhispania, Y Ugiriki, N Austria, P Uholanzi. Kuagiza siyo kumiliki. Benki kuu za euro ziligawana kazi ya kuchapisha, huyu anashughulikia za kumi, yule za hamsini, halafu zinasafirishwa na kugawanywa nchi zote, kwa hiyo mashine ya kutolea hela ya Athens inaweza kukupa X na ya Berlin ikakupa Y siku hiyo hiyo. Na deni la noti ni la benki zote za euro kwa pamoja. Hakuna kitu kinaitwa noti ya Ugiriki, kuna noti iliyoagizwa na Ugiriki.

Tena X yenyewe haithibitishi kwamba noti ilichapwa Ujerumani. Mbele ya noti kuna msimbo mdogo sana, mfano P007A1, inabidi ukaze macho kuuona, na herufi yake ya kwanza ndo inataja kiwanda. Hapa wengi wanachanganyikiwa kwa sababu P kwenye namba ndefu ni Uholanzi lakini P kwenye ule msimbo mdogo wa noti hiyo hiyo ni kiwanda cha Ujerumani. Ni orodha mbili tofauti kabisa, usizichanganye.

"Nina orodha ya herufi, naitumia kwa noti zote"

Hapo ndo utapotea kabisa, maana kuanzia 2013 walianza kutoa noti mpya (ya 5 ilitangulia, za 100 na 200 zikamalizia 2019) na maana ya herufi ya kwanza ikabadilika. Sasa haisemi nani kaagiza, inasema kiwanda gani kimechapa. Kuzitofautisha ni rahisi, mpya ina herufi mbili na tarakimu 10, halafu jina la hela limeandikwa pia kwa herufi za Kibulgaria, ЕВРО, ambazo kwenye ya zamani hazipo. Ile herufi ya pili usihangaike nayo, ipo kuongeza idadi ya namba tu.

Baadhi ya herufi hazikuletei shida, X bado inakupeleka Ujerumani na Y bado Ugiriki, ndo maana watu hawashtuki. Sasa chukua H. Kwenye noti ya zamani ni Slovenia, kwenye mpya ni kiwanda cha De La Rue kule Loughton, Uingereza. D ya zamani ni Estonia, mpya ni kiwanda cha Poland. Uingereza na Poland hazitumii euro! Mtu mwenye orodha ya zamani atakwambia noti yako katoka nayo mtu Slovenia wakati imechapwa na Waingereza. Na ile ya 500, ya zambarau, utaikuta na herufi moja tu, kwa sababu haikuwahi kutolewa toleo jipya, siyo kwamba ni feki au imeisha muda. Noti za zamani zote bado ni hela halali.

"Jumlisha namba, ikikubali noti ni ya kweli"

Hesabu yenyewe ipo kweli. Kwa noti mpya unageuza herufi kuwa namba kwa mpangilio wa A hadi Z (A ni 1, Z ni 26), unajumlisha na tarakimu zote, unagawa kwa 9, baki lazima iwe 7. Kwa zile za zamani baki ni 8. Mfano, namba niliyoitunga hapa, SD2047136582. S ni 19, D ni 4, jumla 23. Tarakimu zinajumlika kuwa 38. Inakuja 61, gawa kwa 9 unapata 6 na baki 7. Imekubali.

Sasa angalia nimeitunga mwenyewe hapa na imekubali! Ndo shida yake. Badilisha tarakimu mbili nafasi, jumla ni ile ile. Weka 9 pahala pa 0, baki ni ile ile. Na anayetengeneza noti feki hata hahitaji kupiga hesabu, anakopi namba ya noti halali na kuichapa mara elfu. Kwa hiyo hesabu ikikataa una sababu ya kushtuka, ikikubali hujathibitisha kitu, papasa karatasi, na kama ni noti mpya iinamishe uone ile namba ya kijani inavyobadilika rangi kwenda bluu.

"Sarafu yenye mfalme wa Uhispania inatumika Uhispania tu"

Hapana. Upande mmoja unafanana kwa wote, upande wa pili kila nchi inaweka picha yake, kinubi Ireland, tai Ujerumani, bundi kwenye euro 1 ya Ugiriki, na zote zinalipa popote kwenye nchi za euro. Za Ujerumani zina na kiherufi kimoja pembeni: A ni Berlin, D Munich, F Stuttgart, G Karlsruhe, J Hamburg. Ni mji ilikogongwa, haiongezi hata senti.

Kiherufi kinachowatia watu wazimu ni S. Sarafu ya euro 2 ya Ugiriki ya 2002, yenye mwanamke juu ya fahali, baadhi yake ina S ndani ya nyota mojawapo, na mtandaoni kuna watu wanaiuza kwa maelfu ya euro. Jamani, ile S ni Ufini. Ugiriki haikuwahi kugonga sarafu za kutosha kwa wakati ikaomba kusaidiwa, wakagongewa mamilioni kwa mamilioni. Ina thamani ya euro 2. Ukitaka kujua adimu ikoje, ni kama ile ya Monako ya 2007 yenye Grace Kelly, zilitoka 20,001 tu, na hiyo huwezi kurudishiwa chenji dukani kwa bahati.

Kwa wale wa Malindi na Watamu wanaopewa tipu za sarafu na Wataliano, mkikataliwa kwenye duka la kubadilishia hela siyo kwa sababu ya picha. Maduka mengi hayachukui sarafu za nje hata iwe na tai wa Ujerumani, yanataka noti. Mtafute mtalii anayerudi kwao mbadilishane, na noti atakayokupa usihangaike na herufi yake.