Ploti ya Mwalimu na Kodi Isiyoonekana Kwenye Hati ya Mshahara

Mwalimu mmoja alikuja kwenye dawati letu la elimu ya kodi na hati zake za mshahara za mwaka mzima, zimebanwa pamoja. "Tazama," akaniambia, "PAYE nakatwa kila mwezi, sijaruka hata mmoja. Sasa nimeuza ploti yangu, wakili ananiambia nina kodi nyingine. Si huku ni kukamuliwa mara mbili?"

Hapana, Mwalimu. PAYE hukata jasho lako la mwezi. Ploti ni hadithi tofauti: uliinunua kwa pesa ambazo tayari zilikatwa kodi, na pesa hizo hazikatwi tena. Lakini miaka yote ambayo bei ya ploti ilikuwa ikipanda, ongezeko hilo hakuna aliyeligusa. Sheria ya Kenya hulisubiri hadi siku mali inapobadilisha mikono, ndipo hudai sehemu ya faida. Hiyo ndiyo kodi ya faida ya mtaji. Ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Ukishailipa imekwisha: haichanganywi na mshahara, wala haikupandishi daraja la PAYE. Kwa upande mwingine, ukiuza kwa hasara, hasara hiyo haipunguzi kodi ya mshahara wako.

Tufanye hesabu. Tuseme ploti iko Kitengela, ilinunuliwa mwaka 2012 kwa shilingi 900,000 na sasa imeuzwa milioni 4. Wengi hutoa 900,000 kwenye milioni 4, wanapata faida ya 3,100,000 na kodi ya 465,000. Wamejipunja wenyewe. Wakati wa kununua, mwenye ploti alilipa ushuru wa stempu 36,000 na wakili 30,000. Baadaye alizungusha nguzo na seng'enge, akaweka na geti, jumla 234,000. Hayo yote huongezwa kwenye gharama, nayo inafika 1,200,000. Wakati wa kuuza, dalali alichukua 100,000 na wakili 60,000. Hizo hutolewa kwenye bei, kwa hiyo inabaki 3,840,000. Faida halisi ni 2,640,000, na kodi ni 396,000. Tofauti ya shilingi 69,000 imeletwa na risiti tu. Mwalimu wangu alikuwa na ya wakili. Ya seng'enge aliniambia "fundi alikuwa jirani", yaani hakuna karatasi. Bila ushahidi, gharama hiyo ni vigumu kuitetea.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi naliona chungu. Hesabu hii haijali mfumuko wa bei. Shilingi 900,000 za 2012 zilinunua vitu vingi kuliko shilingi 900,000 za leo, lakini kwenye fomu zinabaki zile zile.

Si kila anayeuza hulipa. Nyumba uliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza imesamehewa. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni 3 pia imesamehewa. Angalia vizuri hapo: kinachopimwa ni bei ya kuuza, si faida. Tena ukivuka milioni 3, unatozwa faida yote, si ile ya juu ya mpaka peke yake.

Malipo hufanywa kupitia iTax, kwa PIN ya muuzaji. Siku ya mwisho ni ile inayotangulia kati ya mbili: siku unayopokea bei yote, au siku uhamisho unaposajiliwa. Kwa hiyo malipo ya awali ya asilimia 10 peke yake hayajaleta deni. Shida huwapata wanaomaliza pesa kwenye karo na mabati kabla ya kuitenga kodi, kisha uhamisho unakwama kwa wakili huku mnunuzi akipiga simu kila asubuhi.

Kwa sababu ya mpaka huo wa milioni 3, utamsikia dalali akinong'ona: "Tuandike milioni 2.9, zile zingine upewe mkononi." Hilo ni kosa la jinai, na mthamini wa serikali anayekagua bei kwa ajili ya ushuru wa stempu anaweza kulikataa. Lakini mnunuzi ndiye ninayemhurumia zaidi, maana hufikiri anamsaidia muuzaji tu. Karatasi zake zitasema alinunua kwa milioni 2.9, ingawa kwa kweli alitoa milioni 4. Akija kuiuza ploti hiyo kwa milioni 5, hata tukiacha gharama nyingine kando, faida yake mbele ya KRA itakuwa milioni 2.1 badala ya milioni 1, na atalipa 315,000 mahali pa 150,000. Kodi aliyoikwepa muuzaji imehamia kwake.