Adrenalini kwa mtoto mwenye mzio mkali: kilo zake ndo dozi yake, na saa ya ukutani ndo inakwambia lini urudie

Habari zenu wazazi, na nyie wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Mimi ni daktari wa dharura za watoto, na leo naongelea kitu kimoja tu, adrenalini kwa mtoto aliyepata mzio mkali, ule tunaouita anafilaksia. Mara nyingi shida ninayoiona sio kwamba dawa haipo, dawa ipo kabatini, ila mtu anashika kichupa halafu anasita, nichome kiasi gani, nichome wapi, na nikishachoma mbona bado hajapata nafuu, nisubiri au niongeze?

Tuchukue mfano wa mtoto wa kike wa miaka 4, kilo 14, kaletwa na mama yake na homa ya mapafu, saa 4:10 asubuhi kapewa seftriaksoni ya mshipa. Saa 4:14 anajikuna, vipele vya kuvimba vimetoka shingoni na tumboni, midomo inajaa, kisha anaanza kukohoa na kifua kinapiga filimbi, sauti imebadilika, anatapika mara moja na analegea mikononi kwa mama. Ngozi pamoja na kifua, ngozi pamoja na kulegea, hapo usisubiri zaidi, huo ni mzio mkali. Na sio kila mtoto anatoka vipele, kuna anayebanwa kifua tu au anayezimia tu dakika chache baada ya dawa, nyuki au karanga, huyo naye anahusika.

Kwanza funga ile dawa inayoingia, ita msaada, mlaze chali miguu juu kidogo. Kama anahangaika kupumua mwache akae mapajani kwa mama, ila asisimamishwe wala asitembezwe kwenda chumba kingine, maana presha iko chini na kumsimamisha ghafla kunaweza kumzimisha moyo.

Sasa kipimo. Kichupa cha adrenalini cha kawaida kwetu kina 1 ml, na kwenye lebo kimeandikwa 1 mg/ml au 1:1000, soma kwanza kabla hujavunja shingo yake. Mtoto anapata miligramu 0.01 kwa kila kilo, na kwa kuwa kichupa kina miligramu 1 kwenye mililita 1, hesabu inakuwa nyepesi sana, chukua kilo zidisha kwa 0.01 umepata mililita. Binti yetu, 14 mara 0.01, ni 0.14 ml. Ukivuta 0.15 haina shida, tofauti hiyo ni ndogo. Wa kilo 8 anapata 0.08, wa kilo 25 anapata 0.25. Mtoto ambaye hajabalehe wengi wetu tunaishia 0.3 ml, kijana mkubwa haivuki 0.5 ml hata awe na kilo 70.

Mzani haupo au uko mbali? Usipoteze dakika kuutafuta, tumia umri. Kuanzia miezi 6 mpaka chini ya miaka 6 mpe 0.15 ml, miaka 6 mpaka 12 mpe 0.3 ml, zaidi ya hapo 0.5 ml.

Bomba nalo ni la kuangalia. Tumia la 1 ml lenye mistari midogo, kila mstari ni 0.01, kwa hiyo 0.14 ni mistari minne baada ya 0.1, unaiona kwa macho. Bomba la 5 ml mistari yake imeachana mno, hapo ndo mtu anakuja kuvuta 1.4 badala ya 0.14, mara kumi zaidi, kwa kosa la nukta tu. Kwa hiyo mwenzako asome kwa sauti, "sifuri nukta moja nne", na wewe umwoneshe bomba. La insulini usilitumie, mistari yake ni yuniti sio mililita, na kisindano chake ni kifupi kinaishia kwenye mafuta chini ya ngozi.

Choma kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti, sindano isimame wima. Sio mkononi, sio matakoni, sio chini ya ngozi. Utafiti uliofanywa kwa watoto ulionesha dawa ikichomwa msuli wa paja inafika kileleni kwenye damu kama dakika 8, ya chini ya ngozi kama dakika 34, na mtoto huyu hana dakika 34. Mshipani nako hapana, hata kama kanula ipo na inakukodolea macho, dozi ya msuli ukiisukuma mshipani inaweza kuuvuruga moyo, njia hiyo ni ya wazoefu wenye mashine ya kufuatilia moyo na dawa iliyochanganywa vizuri.

Umechoma saa 4:16, andika 4:16 kwa kalamu kwenye plasta umbandike mkononi. Usikariri kichwani, kwenye vurugu dakika 3 zinaonekana kama 10, au kinyume chake. Atakuwa mweupe kidogo, atatetemeka, moyo utakimbia, hiyo ni dawa inafanya kazi, usiogope ukaacha kurudia.

Saa 4:21, dakika 5 zimefika, uliza vitu vitatu: kifua kimefunguka, anakujua na anakuitikia, mikono imepata joto na mpigo unashikika? Vipele usivitumie kuamua, vinachelewa kuondoka hata kwa mtoto aliyeshapona. Binti yetu bado anapiga filimbi na mikono ni ya baridi, basi dozi ya pili ile ile 0.14, paja la upande wa pili, andika tena saa. Hakuna kusubiri dakika 15 wakati hali ni mbaya. Miongozo inasema kati ya dakika 5 na 15, nusu saa haimo, na mimi kwa anayezidiwa naishika 5. Adrenalini haikai mwilini muda mrefu, ndo maana inarudiwa. Oksijeni iendelee wakati huo, na kwa huyu mwenye mikono ya baridi weka normo salaini haraka 10 ml kwa kilo, kwake ni 140 ml, halafu sikiliza kifua tena.

Dozi mbili za msuli na bado hajarudi? Hapo anahitaji adrenalini ya dripu na watu wazoefu, piga simu ya rufaa sasa hivi, na mkisubiri gari endelea na msuli kila dakika 5. Piritoni na haidrokotizoni zinakuja baadaye, zinapunguza muwasho tu, hazifungui koo na hazipandishi presha, na ukianza nazo umechelewesha ile inayomwokoa.

Saa 4:27 binti amefungua kifua na anamlilia mama yake. Usimruhusu aende nyumbani, dalili zinaweza kurudi hata bila kupewa tena ile dawa. Kwa kuwa alihitaji dozi mbili abaki angalau saa 6 akiangaliwa, na aliyehitaji zaidi ya mbili, au mwenye pumu kali, saa 12 au zaidi. Kwenye kadi yake andikeni kwa herufi kubwa jina la dawa iliyomdhuru, kwake SEFTRIAKSONI, na mama aisome kabla hajatoka.