Maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia kulia chini: kwa nini daktari hufikiria kidole tumbo

Mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo huulizwa maswali mawili yanayofanana lakini si mamoja: inauma wapi sasa, na ilianza kuuma wapi? Akijibu kwamba ilianza katikati, kuzunguka kitovu, kisha baada ya saa kadhaa ikashuka upande wa kulia chini, mawazo ya daktari huenda moja kwa moja kwenye kidole tumbo, ambacho wengi hukiita apendeksi. Kidole tumbo chenyewe kipo palepale tangu mwanzo. Kilichobadilika ni aina ya mishipa ya fahamu inayopeleka habari.

Kidole tumbo ni kijibomba chembamba, kwa kawaida chenye urefu wa sentimita 6 hadi 9, kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Kina mlango mmoja tu. Mara nyingi ugonjwa huanza pale mlango huo unapozibwa na kipande cha kinyesi kilichokauka, au na tishu za kinga zilizomo ndani ya ukuta wake zinapovimba. Kuta huendelea kutoa ute, nao hauna pa kutokea. Kijibomba hujaa na kutanuka, bakteria huzaana ndani, na shinikizo likizidi damu hushindwa kupita vizuri ukutani.

Katika hatua hii ya kutanuka, wanaohisi ni mishipa ya fahamu ya utumbo wenyewe. Mishipa hii hutambua kuvutwa na kujaa, lakini ni mibovu sana katika kutaja mahali. Mimba inapokua, kidole tumbo, utumbo mwembamba na sehemu ya kwanza ya utumbo mpana huchipuka kutoka kipande kimoja cha katikati ya mfereji wa chakula, kwa hiyo taarifa zake huingia kwenye uti wa mgongo karibu na ngazi moja, ile ya kumi ya kifua. Ngazi hiyohiyo hupokea taarifa za ngozi ya kitovu. Ubongo umezoea kusikia kutoka kwenye ngozi, hivyo husema: kitovu kinauma. Ndiyo maana mgonjwa wa mwanzo hawezi kuonyesha kwa kidole. Huzungusha kiganja kizima katikati ya tumbo na kusema "huku huku".

Saa zinavyokwenda, uvimbe hutoka ndani ya kijibomba hadi kwenye ganda lake la nje, na ganda hilo hugusa utando unaotanda ndani ya ukuta wa tumbo. Utando huu huhudumiwa na mishipa ileile inayohudumia ngozi na misuli ya hapo, na mishipa hiyo hujua mahali barabara. Sasa maumivu huwa makali, hayaachii, na mgonjwa huonyesha kwa kidole kimoja. Mara nyingi kidole hicho huangukia karibu na sehemu aliyoieleza daktari mpasuaji Charles McBurney mwaka 1889: chora mstari kutoka kwenye mfupa unaochomoza mbele ya nyonga ya kulia hadi kitovuni, kisha pima theluthi moja ukianzia kwenye mfupa.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19. Saa 2 usiku anahisi tumbo zito kuzunguka kitovu na kukataa chakula. Saa 5 anatapika mara mbili. Alfajiri, saa 11, katikati kumetulia lakini kulia chini kunachoma. Akitembea anainama kidogo, akikohoa anashika upande huo, na anapendelea kulala mguu wa kulia ukiwa umekunjwa. Joto la mwili ni nyuzi 37.8. Mpangilio huu una uzito kuliko dalili moja moja: maumivu kwanza, hamu ya kula inakwisha, kichefuchefu na kutapika vinafuata, homa ndogo inakuja mwisho. Kama angeanza kwa kutapika na kuharisha sana, kisha tumbo kuuma baadaye, daktari angeelekea zaidi kwenye maambukizi ya utumbo, ingawa asingekifuta kidole tumbo papo hapo.

Kukohoa si jambo dogo hapa. Utando uliowaka huuma kila unapotikiswa, na hata tuta la barabarani wakati wa kwenda hospitali humfanya mgonjwa akunje uso. Mwenye mawe ya figo hufanya kinyume: hujipindua na kuhangaika kutafuta mkao, ilhali huyu hujilaza kimya asitake kuguswa.

Sasa mipaka ya kanuni hii, kwa sababu ni kanuni yenye mianya. Safari hii kamili ya maumivu huonekana kwa takriban nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo, si kwa wote. Kidole tumbo kilichojificha nyuma ya utumbo mpana kinaweza kuuma ubavuni au mgongoni. Kilichoning'inia ndani ya nyonga kinaweza kuleta hamu ya kukojoa kila mara au kuharisha, na mgonjwa akapewa dawa za UTI bure. Kwa mjamzito, mfuko wa uzazi unaokua unaweza kukisukuma juu. Watoto wadogo hawawezi kusimulia, na wazee wengi huumwa kidogo kuliko ukubwa wa ugonjwa, kwa hiyo makundi haya mawili mara nyingi hufika kikiwa kimeshapasuka.

Kwa upande mwingine, si kila maumivu ya kulia chini ni kidole tumbo. Kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, kipimo cha mimba hakikwepeki, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma hapohapo na inaweza kuua kwa kuvuja damu. Kifuko cha mayai kilichojinyonga nacho huhitaji upasuaji wa haraka, na korodani iliyojinyonga kwa mvulana inaweza kuanza kama maumivu ya tumbo. Ndiyo sababu hadithi ya maumivu hufuatwa na kuguswa tumbo, kipimo cha damu cha chembe nyeupe, na ultrasaundi au siti-skani pale picha isipoeleweka.

Jambo linalowahadaa wengi ni nafuu ya ghafla. Kijibomba kikipasuka, shinikizo la ndani hushuka na mgonjwa anaweza kusema "afadhali". Kisha usaha husambaa, tumbo zima huuma na kuwa gumu kama ubao, homa hupanda. Hatari ya kupasuka huongezeka hasa baada ya siku ya kwanza ya dalili, kwa hiyo maumivu yaliyohamia kulia si ya kusubiri asubuhi ya kesho.

Njiani asile, maji ya kulowesha mdomo yanatosha, maana huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Asipewe dawa ya kuendesha wala maji ya kusafishia tumbo kwa njia ya haja kubwa, kwani huongeza msukumo ndani ya utumbo uliokwisha kuvimba. Antibaiotiki zilizobaki nyumbani zinaweza kufifisha dalili bila kutibu. Hofu ya kwamba dawa ya maumivu itolewayo hospitalini itamficha daktari ugonjwa haina msingi. Akipewa, bado anapimika vizuri.

Akifika, amwambie mpokezi mambo manne kwa saa zake: maumivu yalianza saa ngapi na wapi, yalihama saa ngapi, alitapika kabla au baada ya kuumwa, na mara ya mwisho alikula saa ngapi.