Umeanza kazi tarehe 14, mshahara wako unakatwaje? Uongo na ukweli wa hesabu ya nusu mwezi

Kila mwisho wa mwezi kuna mtu Nyakato au Igoma, Mwanza, anaangalia salari slipu yake ya kwanza anaguna, maana aliambiwa mshahara ni laki tano na ishirini halafu imeingia laki mbili na kitu, na akiuliza anajibiwa "si ulianza katikati ya mwezi". Sawa, katikati ya mwezi, ila katikati hiyo imehesabiwaje? Hapo ndo kuna maneno mengi ya mtaani, tuyachambue.

Dhana: Mwezi una siku 30, kwahiyo gawa kwa 30, zidisha kwa siku ulizofanya kazi.

Hii ndo mama yao wote. Tuchukue mfano wa binti wa stoo kwenye duka la hadwea, mshahara 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi. Kaanza Jumatatu tarehe 14 Julai 2025. Mpaka tarehe 31 siku zake za kazi ukitoa Jumapili ni 16. Mhasibu anagawa 520,000 kwa 30, anazidisha kwa 16, inakuja 277,333.

Tatizo ni nini? Kagawa kwa siku za kalenda ambazo ndani yake kuna Jumapili, halafu akazidisha kwa siku za kazi ambazo Jumapili hazimo. Yaani Jumapili zimehesabiwa wakati wa kupunguza na zimesahaulika wakati wa kulipa. Juu na chini ya mgawanyo lazima siku ziwe za aina moja, ukitumia kalenda juu tumia kalenda na chini, ukitumia za kazi ni za kazi kote kote.

Na kwa Tanzania wala huhitaji kubuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwenye Jedwali la Kwanza, imeshasema mtu wa mshahara wa mwezi ujira wake wa siku unapatikana hivi: mshahara gawa kwa 4.333 mara siku anazofanya kazi kwa wiki. Hiyo 4.333 ni wiki 52 kugawa kwa miezi 12. Kwenye Eksel unaandika hivi tu:

```
=520000/(4.333*6)
```

Inatoka 20,001.54 kwa siku. Mara 16 ni 320,025. Linganisha na ile 277,333, binti kapoteza karibu elfu 43 na hakuna aliyemuibia kwa makusudi, ni mgawanyo tu. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anaweka 5 badala ya 6, ujira wake wa siku unakuwa mkubwa zaidi kwa mshahara uleule, na ni haki yake maana siku zake ni chache.

Dhana: Ukishapata ujira wa siku basi, zidisha tu, haiwezi kuleta shida.

Inaleta, na hii wahasibu wengi wanaigundua wakati mtu ameshaanza kulalamika. Ile 4.333 ni wastani wa mwaka mzima, kwa mtu wa siku sita inatoa siku 26 kila mwezi, lakini miezi yenyewe haiko sawa. Julai 2025 ina siku za kazi 27. Mtu akianza tarehe 2 Julai amekosa siku moja tu, kafanya 26, ukizidisha unapata 520,040, yaani kamzidi shilingi 40 mwenzake aliyefanya mwezi mzima! Februari 2025 ni kinyume, ina siku za kazi 24. Mtu akiacha kazi Alhamisi tarehe 27 amekosa Ijumaa ya tarehe 28 pekee, kafanya 23, ukizidisha unapata 460,035, kwahiyo siku moja imemkata elfu 60.

Ndo maana ofisi nyingi zinageuza hesabu, aliyekosa siku chache wanachukua mshahara kamili wanatoa siku alizokosa. Huyo wa Februari anatolewa 20,002 tu, anabaki na 499,998, hata kwa macho unaona imekaa vizuri. Kwangu mimi hiyo ni busara, ila sharti moja: utaratibu uandikwe kabla mtu hajaanza na uwe uleule kwa wote. Sio Julai unajumlisha kwa sababu inakufaa na Februari unatoa kwa sababu umeona jamaa mkali. Yule binti wa tarehe 14 Julai mwenyewe ukitumia njia ya kutoa, alikosa siku 11, anapata 299,983, tofauti ya elfu 20 na ile ya kujumlisha. Sio hela ya kuachia mtu aamue kichwani siku ya malipo.

Dhana: Sikukuu haikufanyiwa kazi, itolewe.

Hapana. Kama mkataba ulikuwa hai siku hiyo na ni siku ambayo kawaida angekuwa kazini, sikukuu inahesabiwa kama siku ya kazi. Mfano dereva wa hapohapo dukani, mshahara uleule, siku yake ya mwisho ni Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025. Kuanzia tarehe 1 siku zake ni 13, na Nane Nane ikiwemo. Analipwa 260,020. Ukimtolea Nane Nane unamlipa 240,018, na akienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kalenda mkononi sijui utajitetea na nini.

Ila kama mtu ameanza tarehe 14 Julai, Saba Saba haimhusu, hakuwa mwajiriwa bado. Hii watu wanabishana bure.

Dhana: Anayeondoka analipwa siku alizofanya tu, basi.

Siku zile 13 ni kipande. Likizo ambayo hajaichukua nayo inalipwa, na sheria imeweka kipimo: ujira wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Dereva wetu ni wa miaka, mzunguko wake wa likizo ulianza tarehe 1 Januari na hajaenda hata siku moja. Mpaka tarehe 15 Agosti ni siku za kazi 195, gawa kwa 13 unapata 15 kamili. Mara 20,001.54 ni 300,023. Unaona, likizo imezidi hata mshahara wa hizo wiki mbili, na ndo kitu cha kwanza kusahaulika.

Dhana: Kodi ya mwezi mzima unaikata nusu vilevile.

PAYE, yaani kodi ya mshahara, haikatwi kwa mtindo huo. Unapiga hesabu ya mshahara aliopata kweli, unatoa NSSF asilimia 10, kinachobaki ndo unapeleka kwenye viwango vya mwezi vya TRA, ambapo 270,000 ya kwanza haina kodi na kinachozidi hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8. Binti wetu ana 320,025, toa NSSF 32,003, inabaki 288,022. Kilichozidi 270,000 ni 18,022, kodi yake 1,442. Mwenye mwezi mzima anakatwa 15,840, na ukiichukua hiyo ukaigawa kwa 26 ukazidisha kwa 16 unamkata 9,748, yaani umempelekea TRA elfu nane ambayo haidaiwi. Mkononi anatakiwa apate 286,580, na slipu ionyeshe siku 16 na ujira wa siku, sio jumla peke yake, maana bila hizo mbili hana namna ya kukagua.