Modeli ya kutabiri sepsis: nikague nini kabla ya kuipendekeza kwenye insha?

Modeli niliyoipata ina AUC ya 0.83. Si inatosha?

Bado. Chukua mgonjwa mmoja aliyepata sepsis, yaani mwili kudhurika vibaya kutokana na maambukizi, na mwingine asiyepata: AUC ni uwezekano kwamba modeli itampa yule wa kwanza alama ya juu zaidi. Ikiwa 0.5, ungerusha shilingi tu. Haikuambii ilipimwa kwa wagonjwa gani.

Modeli ya sepsis ya kampuni ya Epic ya Marekani ni mfano mzuri. Kampuni iliripoti AUC ya 0.76 hadi 0.83. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha majaribio yao wenyewe, yaliyohusu kulazwa mara 38,455: AUC ikashuka hadi 0.63. Kengele ililia kwa asilimia 18 ya waliolazwa, na bado ikawakosa 67 kati ya kila 100 wenye sepsis.

Kwa kusoma makala tu, dalili za kasoro nitazionaje?

Tumia PROBAST, chombo cha kukagua tafiti za modeli za utabiri kilichotolewa mwaka 2019. Kinakagua sehemu nne: washiriki, vitabiri yaani taarifa ambazo modeli hutumia kutabiri, tokeo linalotabiriwa, na uchambuzi. Sehemu moja ikiwa na hatari kubwa ya upendeleo, yaani matokeo kupotoshwa na jinsi utafiti ulivyofanywa, utafiti mzima unahesabiwa hivyo. Hakuna kufidia kwa alama nzuri za sehemu nyingine.

Mimi huanza na orodha ya vitabiri, nikiuliza kila kimoja kilijulikana saa ngapi. Tuseme kuna "daktari ameagiza antibiotiki". Huyo daktari keshashuku maambukizi! Modeli inamrudishia anachokijua, na AUC inapanda kwa sababu hiyo. Kisha soma sepsis ilitambuliwaje. Kama mwanzo wake ulihesabiwa tangu matibabu yalipoanza, kitabiri na tokeo vimeshikana mikono.

Kwenye uchambuzi, tafuta mchoro wa ulinganifu: waliotabiriwa hatari ya asilimia 20, je, karibu 20 kati ya 100 waliugua kweli? Makala nyingi hazina mchoro huo. Angalia pia waliougua walikuwa wangapi. Katika kuthibitisha modeli, PROBAST inataka angalau 100.

Upendeleo ukiwa mdogo, naweza kuipendekeza kwa hospitali ya wilaya hapa Tanzania?

Hilo ni suala la ufaafu, nalo hupimwa peke yake katika sehemu tatu za mwanzo za PROBAST. Utafiti safi kabisa unaweza usikufae. Modeli inayosoma vipimo kutoka kwenye kompyuta kila baada ya dakika chache itafanya nini wodini ambako presha hupimwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye faili la karatasi? Hapo kitabiri chenyewe si kilekile tena, hata kama jina halijabadilika.

Katika insha andika hukumu mbili kando kando, kila moja na sababu yake, mfano: "Hatari ya upendeleo ni kubwa, kwa kuwa agizo la antibiotiki limo kwenye vitabiri, ufaafu una mashaka, kwa kuwa wodi haina vipimo vya mara kwa mara."