Dawa ya sonona haikatwi ghafla

"Nikishapata nafuu naacha tu, si ni kama dawa ya kichwa?"

Tuseme wewe unayesema hivyo unameza setralini, dawa ya sonona, ya miligramu 50. Mwili umeshaizoea. Ukiikata ghafla, ndani ya siku chache unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na mishtuko kichwani kama ya umeme. Wengi hudhani ugonjwa umerudi. Ndiyo maana daktari huipunguza polepole, kwa wiki kadhaa au hata miezi.

Pakiti yenyewe haielezi hayo, wala la kufanya ukisahau dozi moja. Fungua kikaratasi kilichokunjwa ndani, utafute sehemu ya dozi uliyosahau. Cha setralini kwa kawaida husema: iruke, umeze inayofuata kwa saa yake, usimeze mbili. Ukiuziwa vidonge vya kukatiwa, bila kikaratasi, mwombe mfamasia akusomee.