Kula si kufyonza

"Mwanangu anamaliza boflo zima asubuhi, na bado anakonda. Chakula kikishasagika tumboni si kimeshaingia mwilini?"

Bado, bibie. Tumbo linasaga tu; kazi ya kufyonza ni ya utumbo mwembamba. Ndani yake mmejaa vinyweleo kama vidole, kila kimoja urefu wa karibu milimita 1. Wanga uliokwisha kuwa glukosi, na protini iliyokuwa asidi amino, huingia kwenye vishipa vya damu vya kinyweleo na kwenda ini. Mafuta hupita njia nyengine: mshipa wa limfu ulio katikati ya kinyweleo.

Vinyweleo vikibapa, eneo la kufyonzea hupungua. Mafuta hutoka na choo: cheupe-cheupe, kinanuka sana, kinaelea. Hata maziwa huanza kumharisha, kwani kimeng'enya cha kuvunja sukari yake hukaa juu ya vinyweleo. Damu nayo hupungua, maana madini ya chuma hayafyonzwi vyema.

Sababu mojawapo ni ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huamsha kinga ya mwili ikashambulia utumbo. Vijidudu vya jiadia navyo huweza kubapisha vinyweleo. Usimkatishe boflo kabla ya kipimo cha damu, kwani majibu yanaweza kupotosha. Ikithibitika ni siliaki, wali na muhogo havina gluteni.